Kuchambua Saketi ya Flipflopu Mbili hadi Kupata Jedwali na Mchoro wa Hali

Saketi ya geti tupu huchambuliwa kwa jedwali la ukweli: unaweka maingizo, unasoma tokeo, kazi imekwisha. Ikiingia flipflopu, ingizo lilelile linaweza kutoa tokeo tofauti leo na kesho, kwa sababu saketi sasa inakumbuka kilichopita. Kumbukumbu hiyo ndiyo tunaiita hali. Kuchambua saketi ya namna hii ni kutafuta mambo mawili kwa kila hali: ikipigwa mpigo mmoja wa saa itaenda wapi, na wakati huo inatoa nini.

Tuchukue saketi ndogo na kuimaliza yote. Ina flipflopu mbili za aina ya D, A na B, zote ndani ya chipu moja ya 74HC74. Ina geti mbili za AND kutoka 74HC08 na geti moja ya NOT kutoka 74HC04. Ingizo ni moja, x, na tokeo ni moja, z. Waya zimeungwa hivi: x inaingia moja kwa moja kwenye D ya flipflopu B. Vilevile x inapita kwenye NOT, kisha inakutana na Q ya B kwenye AND ya kwanza, na tokeo la AND hiyo linaingia kwenye D ya flipflopu A. AND ya pili inapokea Q ya A pamoja na x, na inatoa z. Saa ni moja kwa flipflopu zote mbili.

Sijakwambia saketi hii ni ya kazi gani, na ni makusudi. Uchambuzi ukifanywa vizuri, saketi yenyewe itasema.

Hatua ya kwanza: fuata waya wa saa

Wengi hurukia geti. Anza na saa, kwa sababu njia nzima inayofuata inasimama juu ya sharti moja: flipflopu zote zibadilike kwa wakati mmoja. Weka kidole kwenye pini ya saa ya kila flipflopu, urudi nyuma hadi chanzo. Kwenye 74HC74 pini hizo ni 3 na 11. Zikikutana kwenye waya mmoja usiopita kwenye geti yoyote, uko salama. Ukikuta saa ya B inatoka kwenye Q ya A, hiyo si saketi ya saa moja tena. Flipflopu zinasukumana moja baada ya nyingine, na jedwali utakaloandika kwa njia hii litakudanganya.

Angalia pia ukingo. 74HC74 hubadilika saa inapopanda kutoka 0 kwenda 1. Kwenye mchoro, kiduara kidogo mbele ya alama ya pembetatu ya saa maana yake ni kinyume: chipu hubadilika saa inaposhuka. Ukiona moja ina kiduara na nyingine haina, mpigo mmoja una hatua mbili ndani yake, na lazima uzichambue kila moja peke yake.

Mwisho, tazama pini za PRE na CLR. Hizi hazisubiri saa. Zikiwa 0 zinalazimisha Q iwe 1 au 0 papo hapo. Katika uchambuzi wa kawaida tunachukulia zote zimefungwa kwenye 1, kwa hiyo hakikisha kweli zimefungwa. Pini ya chipu ya HC iliyoachwa hewani haijui kama ni 0 au 1, na hali zitaruka bila mpango hata kama milinganyo yako yote ni sahihi.

Hatua ya pili: soma milinganyo kwa kurudi nyuma

Simama kwenye mguu wa D wa kila flipflopu na urudi nyuma hadi ufike kwenye kitu ambacho thamani yake unaijua, yaani ingizo x au Q ya flipflopu. Usivuke flipflopu. Ukifika kwenye Q, simama hapo na uandike herufi yake. Wanaoanza hupotea hapa kwa kuendelea kurudi nyuma ndani ya flipflopu hadi wanazunguka bila mwisho.

Nitaandika kipengele ' kwa kinyume, na herufi mbili zinazofuatana kwa AND. Saketi yetu inatoa:

```
DA = B x'
DB = x
z  = A x
```

Kagua kila herufi mara moja zaidi dhidi ya waya. Kosa linalotokea sana ni kuchukua Q' badala ya Q, kwa sababu zinakaa jirani: kwenye 74HC74, Q ya flipflopu ya kwanza ni pini 5 na Q' yake ni pini 6. Kosa hili dogo lingegeuza z kuwa A'x, na saketi tofauti kabisa ingezaliwa kwenye karatasi yako. Dalili yake mezani ni rahisi kuitambua: saketi ikiwa imetoka tu kufutwa, yaani A na B zote ni 0, ukiweka x = 1 taa ya z inawaka.

Hatua ya tatu: kutoka mguu wa flipflopu hadi hali ijayo

Milinganyo ya hapo juu inasema kilichopo kwenye miguu ya flipflopu. Bado haijasema flipflopu itakuwa nini. Daraja kati ya hivyo viwili ni tabia ya flipflopu yenyewe. Tukiandika Q* kwa thamani ya Q baada ya mpigo, na + kwa OR:

```
aina D :  Q* = D
aina T :  Q* = T Q' + T' Q
aina JK:  Q* = J Q' + K' Q
```

Kwa D daraja hili ni fupi mno hadi watu wanasahau kuwa lipo. Kwetu sisi linatoa A* = B x' na B* = x, basi. Lakini jizoeze kuandika mstari huu hata kwa D, maana siku ukipewa JK utajikuta umeandika J kwenye safu ya hali ijayo bila kushtuka. Tutarudi kwenye JK mwishoni.

Kabla ya kuendelea, soma milinganyo hii kwa maneno. B* = x inasema B hukumbuka biti iliyopita. A* = B x' inasema A huwa 1 kama biti iliyotangulia ilikuwa 1 na iliyofuata ikawa 0. Tayari umeanza kuona kazi ya saketi.

Hatua ya nne: jedwali la hali

Flipflopu mbili na ingizo moja ni vigeu vitatu, kwa hiyo safu mlalo ni 8. Andika michanganyiko yote upande wa kushoto kwa mpangilio wa kuhesabu, kisha jaza upande wa kulia safu wima moja baada ya nyingine. Usijaze mlalo kwa mlalo. Ukishika mlinganyo mmoja na kushuka nao hadi chini, jicho halichanganyi.

Kwa A* tafuta tu milalo ambayo B ni 1 na x ni 0. Ni miwili. B* ni nakala ya safu ya x. Kwa z tafuta milalo ambayo A na x zote ni 1. Hiyo pia ni miwili.

```
A B x | A* B* | z
0 0 0 | 0  0  | 0
0 0 1 | 0  1  | 0
0 1 0 | 1  0  | 0
0 1 1 | 0  1  | 0
1 0 0 | 0  0  | 0
1 0 1 | 0  1  | 1
1 1 0 | 1  0  | 0
1 1 1 | 0  1  | 1
```

Jambo moja la kushika kuhusu wakati. A, B, x na z katika mlalo mmoja ni vitu vya sasa hivi, kabla ya mpigo. A* na B* ndivyo vya baadaye. Kwa hiyo mlalo wa 1 0 1 hausemi kwamba z itakuwa 1 baada ya mpigo. Unasema z ni 1 sasa, wakati saketi ingali katika hali 10 na x ni 1. Baada ya mpigo utakuwa katika hali 01, na z inahesabiwa upya kutoka huko.

Hatua ya tano: mchoro wa hali

Chora viduara vinne: 00, 01, 10 na 11. Kila mlalo wa jedwali ni mshale mmoja, kutoka hali ya sasa kwenda hali ijayo. Juu ya mshale andika x/z. Mishale yetu ni hii:

```
00 --0/0--> 00      00 --1/0--> 01
01 --0/0--> 10      01 --1/0--> 01
10 --0/0--> 00      10 --1/1--> 01
11 --0/0--> 10      11 --1/1--> 01
```

Mishale ya 00 kwa 0 na 01 kwa 1 inajirudia yenyewe, ichore kama kitanzi. Ukimaliza, hesabu mishale inayotoka kwenye kila kiduara. Kwa ingizo moja lazima iwe miwili, mmoja wa x = 0 na mmoja wa x = 1. Kwa maingizo mawili ingekuwa minne. Kiduara chenye pungufu kina mlalo uliosahaulika. Mishale inayoingia haina kanuni kama hiyo, na ndiyo inayotupa habari nzuri zaidi: hapa hakuna mshale hata mmoja unaoingia 11.

Tokeo tumeliandika juu ya mshale kwa sababu z inategemea hali na ingizo pia. Mashine ya aina hii hubeba jina la George Mealy, aliyeieleza mwaka 1955. Kama mlinganyo wa z usingekuwa na x ndani yake, mathalani z = AB, tungeandika z ndani ya kiduara pamoja na hali, na hiyo ingekuwa mashine ya aina ya Edward Moore, ya mwaka 1956. Mlinganyo wa tokeo ndio unaoamua, wala usiamue kwa kutazama sura ya saketi.

Iache saketi iseme

Sasa tembea juu ya mchoro ukiwa na mfuatano wa biti mkononi. Anzia 00 na uingize 0110101100:

```
x    :  0  1  1  0  1  0  1  1  0  0
hali : 00 00 01 01 10 01 10 01 01 10
z    :  0  0  0  0  1  0  1  0  0  0
```

z imewaka mara mbili, na kila mara biti tatu za mwisho ni 101. Mara ya pili imetumia 1 iliyomalizia mfuatano wa kwanza kama mwanzo wa mfuatano mpya. Basi saketi ni kitambuzi cha 101 kinachoruhusu mifuatano kupishana. Hali 00 maana yake hakuna kilichoanza, 01 maana yake nimeona 1, na 10 maana yake nimeona 1 kisha 0. Andika maana hizo pembeni ya viduara. Mchoro wenye maana humsaidia anayesoma kuliko mchoro wa namba peke yake.

Kiduara kisichofikiwa

Kuna wanaofuta 11 kwenye mchoro kwa hoja kwamba hakuna njia ya kuingia. Mimi nasema iache. Njia ya kuingia ipo nje ya mchoro: ni kuwasha umeme. Flipflopu ikipata umeme inaangukia 0 au 1 bila kukuuliza, na zote mbili zinaweza kuangukia 1. Jedwali linatuonyesha kitakachotokea: ukiwa 11 na x ikawa 1, z inawaka kabla ya saketi kuona hata biti tatu. Ukiwa 11 na x ikawa 0, unaenda 10, na biti ya pili ikiwa 1 z inawaka tena kwa uongo. Hata kuamkia 01 au 10 kunaweza kuleta hitilafu hiyohiyo.

Uongo huu unadumu kwa muda gani? Milinganyo inajibu kwa usahihi. Baada ya mpigo wa kwanza B inashika biti halisi, kwa kuwa B* = x. Baada ya mpigo wa pili A nayo inashika ukweli, kwa kuwa inatokana na B ya kweli. Kwa hiyo z haiaminiki kwa biti mbili za kwanza tu, na kuanzia ya tatu inasema kweli hata kama iliamkia wapi. Hiyo ni bahati ya saketi hii. Zipo saketi ambazo hali zisizotumika huzungukana zenyewe kwa zenyewe na hazirudi kamwe, na mlalo uliofutwa kwenye jedwali ndio ungekuonyesha.

Tiba ni kuunganisha CLR zote mbili, pini 1 na 13, kwenye rezista ya 10 kΩ inayokwenda kwenye volti 5 na kapasita ya 100 nF inayokwenda chini. Umeme ukiwashwa CLR inabaki 0 kwa kama milisekunde 1, na saketi inaanzia 00. Kama chanzo chako cha umeme hupanda polepole kuliko hapo, ongeza kapasita.

Ukitaka kulijaribu 11 kwa macho, zitoe PRE, pini 4 na 10, kutoka kwenye volti 5, zishushe hadi 0 kwa pamoja, kisha zirudishe juu. Taa za A na B zote zitawaka. Weka x = 0, piga mpigo mmoja, na uangalie kama umefika 10.

Mezani: mambo mawili yanayowachanganya watu

La kwanza ni taa ya z. Uko hali 10, unaweka x = 1, taa inawaka papo hapo kabla hujapiga saa. Unapiga saa, taa inazimika. Mwanafunzi anaona saketi imefanya kinyume, kumbe imefanya kilichoandikwa kwenye mlalo wa 1 0 1. Katika hali 10, z ni x yenyewe. Ukiinua x na kuishusha tena bila kupiga saa, taa itawaka na kuzima ingawa mashine haijapokea 1 yoyote. Kwa hiyo tokeo la aina ya Mealy lisome muda mfupi kabla ya ukingo wa saa, wakati x imetulia. Kama unahitaji z inayokaa mpigo mzima, ipitishe kwenye flipflopu ya tatu, C, yenye DC = A x. Itachelewa mpigo mmoja, na hali yako sasa itakuwa na biti tatu na jedwali la milalo 16.

La pili ni kitufe kinachotumika kama saa. Kitufe cha kawaida hakigusi mara moja; vipande vyake vya chuma hudunda kwa milisekunde kadhaa na kutoa mipigo mingi. Tatizo ni kwamba hali nyingine zinaficha dosari hii. Ukiwa 00 na x = 1, mipigo mitano inakupeleka 01 na kukuacha hapohapo, kana kwamba umepiga mmoja. Jaribio linalofichua ni hili: simama 01, weka x = 0, bonyeza mara moja. Mpigo mmoja unakupeleka 10. Mipigo miwili au zaidi inakupeleka 00. Ukiona 00, usiguse milinganyo; tengeneza kitufe.

Saketi ileile kwa JK

Sasa badilisha A iwe JK. Mguu wa J upokee kile kilichokuwa kwenye D, na K ifungwe kwenye volti 5:

```
JA = B x'     KA = 1
A* = JA A' + KA' A = A' B x'
```

K' ni 0, kwa hiyo kipande cha pili kinatoweka. Linganisha na A* = B x' ya mwanzo. Tofauti ni A' iliyoongezeka, na tofauti hiyo inagusa mlalo mmoja tu wa jedwali: 1 1 0. Zamani ulikwenda 10, sasa unakwenda 00. Milalo mingine saba ni ileile. Kitambuzi kinabaki cha 101, lakini ukiamkia 11 na biti mbili za kwanza zikawa 0 na 1, z haiwaki kwa uongo tena. Ukiamkia 11 na biti ya kwanza ikawa 1, bado inawaka.

Ukitaka kuijenga, tahadhari ya hatua ya kwanza inarudi. JK ya 74HC112 hubadilika saa inaposhuka, na 74HC74 saa inapopanda. Ukiweka A kwenye 74HC112 na kuiacha B kwenye 74HC74, jedwali hili halitafanana na kinachoonekana kwenye taa. Tumia nusu zote mbili za 74HC112: kwa B weka J = x na K = x', ambayo inatoa B* = x B' + x B, yaani x, kama ilivyokuwa.